Herufi Zisizopotea Tanurini



Ukikata biskuti ya duara yenye upana wa sentimita 6, tanuri linaweza kukurudishia umbo lisilo duara tena. Mara nyingine hutoka limesinyaa upande mmoja kama yai. Mara nyingine hutoka limetanuka pande zote, pana kama chapati ndogo na jembamba ukingoni. Wengi huita makosa hayo yote mawili kwa jina moja, wakisema tu kwamba «zimeharibika», kisha hutumia dawa moja kwa magonjwa mawili. Kumbe kusinyaa na kutanuka vina sababu tofauti, na dawa ya kimoja huweza kukizidisha cha pili.

Hapa Luofu jambo hili lilitufikia kwa njia ya watoto wa chekechea. Mwalimu wao aliomba biskuti za herufi kwa siku ya kufunga muhula: watoto 24, kila mmoja apewe herufi ya kwanza ya jina lake. Herufi ina ukali wake. Nyota iliyolegea bado ni nyota, lakini tundu la herufi A likiziba, mtoto haoni A. Mkono wa katikati wa E ukiungana na ule wa chini, hakuna aliyejifunza lolote. Na siagi tuliyokuwa nayo ilitosha donge moja la kazi yenyewe na vipande vichache vya majaribio. Tusingeweza kuoka mara mbili.

Basi tulianza na majaribio. Tulitengeneza madonge mawili madogo. La kwanza lilikuwa la siagi nyingi, kwa ule uwiano unaojulikana sana wa unga sehemu 3, siagi sehemu 2 na sukari sehemu 1, bila maji wala maziwa. La pili lilikuwa na siagi nusu ya hiyo, likaunganishwa kwa maziwa. Kwa makusudi tulilitendea kila moja vibaya: la siagi tuliliacha karibu na moto hadi likalegea, na la maziwa tulilikanda sana, tukalisukuma mara moja mbele na nyuma, tukalikata papo hapo. Kila kipande kilikatwa kwa kopo lenye mdomo wa sentimita 6, na kwa ncha ya kijiti tukaweka alama ndogo kuonyesha mti wa kusukumia ulikopita. Mdomo wa kopo hilohilo tuliuchora pia kwenye karatasi.

Zilipotoka tanurini na kupoa, tuliziweka juu ya duara la karatasi. Biskuti ya siagi ilivuka mstari pande zote, ikafika karibu sentimita 7, na ukingo wake ulikuwa mwembamba na wa kahawia. Biskuti ya maziwa ilibaki na sentimita 6 upande mmoja, lakini upande wa ile alama ilikuwa imerudi hadi 5 na nusu, na katikati ilikuwa imeinuka kidogo. Hapo kila ugonjwa ulijitaja wenyewe. Tunawashauri mfanye jaribio hili kabla ya kazi yoyote kubwa, kwa maana hugharimu vipande viwili tu.

Tuanze na kusinyaa. Unga wa ngano una protini ambazo, zikikutana na maji na kukandwa, huungana na kuwa utando unaovutika kama mpira. Utando huo huitwa gluteni. Mwoka mikate huutafuta, kwa kuwa ndio unaoshika hewa ya hamira. Mwoka biskuti huuepuka. Unaposukuma donge unauvuta ule mpira kuelekea mkono wako unakokwenda, na ukikata ukiwa bado umevutika, kipande hurudi nyuma, kwanza mezani, kisha zaidi kwenye joto. Ndiyo maana biskuti yetu ilifupika upande wa alama tu. Unga unaouzwa kwa ajili ya mikate huwa na protini nyingi, kwa hiyo tabia hii huonekana sana ndani yake.

Dawa yake huanzia kwenye bakuli. Sugua siagi ndani ya unga mkavu kwa ncha za vidole hadi ufanane na mchanga wenye unyevu, ndipo utie maziwa au yai. Mafuta yakitangulia huzunguka punje za unga na kuyazuia maji kuzifikia zote. Kimiminika kikishaingia, kusanya donge hadi lishikane, basi, usilikande. Unaweza pia kupunguza unga wa ngano na kujaza mahali pake wanga wa mahindi, ambao hauna gluteni hata kidogo. Sehemu 1 kwa 6 inatosha. Ukizidisha, biskuti huvunjika mkononi kabla haijafika mdomoni. Unga wetu wa muhogo uliochekechwa vizuri nao hufanya kazi hiyo, ila uwe ule usiochachushwa, la sivyo harufu ya fufu itawafikia wageni kabla ya biskuti.

Baada ya hapo donge linahitaji kupumzika. Libonyeze liwe bapa, lifunike lisikauke, liache mahali pa baridi kwa nusu saa au zaidi. Mpira hulegea wenyewe. Unaposukuma, anzia katikati kwenda nje, kisha ugeuze donge robo ya duara na kurudia, ili lisivutwe upande mmoja tu. Halafu, kabla ya kukata, fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: pitisha mikono yote miwili chini ya donge lililosukumwa, liinue kidogo kutoka mezani, uliache lishuke. Utaliona likijikunja kidogo. Huko ndiko kusinyaa kwenyewe, na ni heri kutokee hapo kuliko baada ya kukata.

Kutanuka ni habari nyingine. Siagi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, yaani chini ya joto la mwili wetu. Biskuti inapoingia tanurini, mafuta huyeyuka na sukari hulegea mapema, ilhali unga huchelewa kushikamana. Katika muda huo mfupi kipande hakina mifupa, nacho hutiririka. Kazi yote ni kuufupisha muda huo: biskuti iingie ikiwa baridi, na tanuri liwe tayari na moto wake.

Hapa sisi wa nyanda za juu za Lubero tuna bahati ya hali ya hewa. Asubuhi za Luofu huwa na ubaridi unaoifanya siagi iwe ngumu bila friji. Anayeishi Beni, ambako ni chini zaidi na kuna joto, akilifuata zoezi hili neno kwa neno saa nane mchana, donge lake litamgandia mezani. Huyo afanye kazi alfajiri, au aweke sinia lake juu ya beseni la maji ya baridi. Mikono nayo ni moto: shika donge kidogo iwezekanavyo.

Mambo mengine huzidisha kutanuka. Kupiga siagi na sukari hadi ziwe povu jeupe ni kuzuri kwa keki, lakini huingiza hewa, na biskuti huinuka kisha hubwagika. Poda ya kuumulia hufanya vivyo hivyo; kwa biskuti za umbo tuliiacha kabisa. Sinia lililopakwa mafuta mengi huwa utelezi. Margarini nayo isomwe kwenye kopo lake, kwani zipo zenye maji mengi na mafuta machache, za kupaka mkate tu, nazo hulegeza donge.

Kwa herufi zetu tulichagua njia ya kati: unga wa ngano gramu 250 na wanga wa mahindi gramu 50, siagi gramu 150, sukari gramu 100 iliyotwangwa laini, kiini 1 cha yai, kijiko 1 cha maziwa na chumvi kidogo. Sukari tuliitwanga kwa kuwa punje kubwa hukwaruza ukingo na kuuacha na meno, na meno hayo katika herufi huonekana. Vikatio vilitengenezwa na fundi wa bati kwa makopo matupu, kila herufi kimo cha sentimita 5. Tulimwomba mikono ya herufi isipungue upana wa sentimita 1, na tundu la A liwe kubwa kuliko anavyoliandika mtu. Mstari mwembamba huungua kabla wenzake hawajaiva, na tundu dogo huziba hata donge likiwa jema. Hiyo ni mipaka ya kazi yenyewe, na hakuna ustadi wa mkono unaoivuka.

Kwa unene tuliweka vijiti viwili vya milimita 6 kandokando ya donge, na mti wa kusukumia ukapita juu yavyo. Pasipo usawa huo, herufi moja huwa na mguu uliokauka na kichwa kibichi. Kikatio huchovywa katika unga, hushuka wima na huinuka wima. Ukikizungusha unaburuta ukingo. Masalio hayakufinyangwa, yalipangwa tabaka juu ya tabaka, yakabonyezwa, yakapumzishwa tena. Hata hivyo donge la mara ya pili halitii kama la kwanza, kwa hiyo majina yenye herufi ngumu yalikatwa kwanza, na masalio yakatoa I na L.

Herufi zilipokwisha pangwa kwenye sinia baridi, zilikaa dirishani kwa dakika 20 hadi zikawa ngumu kuguswa. Wakati huo tulipima tanuri la matofali. Kuni zilikuwa zimekwisha kuwa makaa na kuondolewa. Tulinyunyiza unga kidogo kwenye bati, tukauingiza kwa dakika 5. Ukibaki mweupe, tanuri ni baridi mno na biskuti zitatanuka zikisubiri. Ukiwa mweusi, subiri wewe. Wetu ulitoka wa rangi ya dhahabu, ndiyo joto la wastani, nyuzi 170 au 180 hivi.

Baada ya dakika 12 kingo zilianza kubadilika rangi, tukazitoa zikiwa bado laini, tukaziacha juu ya sinia hadi zikaze. Kisha ikaja karatasi tena. R mbili zilikuwa zimepinda mguu wakati wa kuhamishwa kutoka mezani, na tunashauri herufi za aina hiyo zikatwe juu ya karatasi ya kuokea, zisinyanyuliwe kamwe. M ilikuwa nzito lakini yasomeka. A zote saba zilikuwa na matundu yao, na B iliyofuata nyuma yake ilikuwa na yote mawili.