Ruta Kuukuu na Chumba cha Nyuma

Nyumba zetu za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe na chokaa, na kuta zake ni nene mno. Ukuta wa namna hiyo huzuia joto, lakini huzuia pia mawimbi ya waifai. Ruta yetu iko sebuleni. Chumbani mwa mama, nyuma ya kuta mbili, simu za dada yangu aliye Maskati zilikuwa zikikatika kila mara. Ndipo nilipoitoa kabatini ruta yetu ya zamani.

Ruta hufanya kazi nyingi, na mbili kati yake zatuhusu hapa: kutoa mawimbi, na kugawia kila kifaa anwani yake. Kwa ruta ya pili twahitaji ile ya kwanza tu. Wagawaji wakiwa wawili, simu itakayopewa anwani na ruta kuukuu itaelekezwa kutokea kwake, nayo haina mlango wa kutokea. Dalili yake ni simu kuonyesha alama kamili za waifai ilhali haifungui kitu.

Kabla ya kuziunganisha, niliirudisha ruta kuukuu katika hali ya kiwandani, nikaiunga na kompyuta kwa waya. Ruta ya sebuleni ina anwani 192.168.1.1, na hugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199. Hii nyingine nikaipa 192.168.1.2, nje ya safu hiyo, ili isigongane na kifaa chochote. Kisha nikaingia tena kwa anwani hiyo mpya, nikazima `DHCP Server`. Ni vyema anwani itangulie, kwani ugawaji ukizimwa kwanza, kompyuta huenda ikakosa anwani ukashindwa kuifikia ruta.

Halafu nikaipa jina la waifai, nywila na aina ya ulinzi vilevile kama vya sebuleni, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Kwa hivyo simu huhama chumba hadi chumba bila kuuliza lolote. Chaneli pekee ndiyo niliyoitofautisha: moja iko kwenye 1, nyingine kwenye 6, zisiingiliane.

Mwisho nikapitisha waya kutoka tundu la `LAN` la sebuleni hadi tundu la `LAN` la ruta kuukuu. Tundu la `WAN` liliachwa tupu. Waya huo usizidi mita 100.

Nilipimia chumbani mwa mama: katika maelezo ya mtandao, simu ilionyesha `Gateway` kuwa 192.168.1.1. Lau ingeonyesha 192.168.1.2, ningejua ugawaji haujazimika. Mazungumzo ya Maskati sasa hayakatiki.

Jambo moja lasalia: simu ndiyo huamua wakati wa kuhama, na baadhi hung'ang'ania ruta ya mbali. Hapo zima waifai ya simu, kisha uiwashe. Na anwani 192.168.1.2 iandike kwenye karatasi, uibandike chini ya ruta. Siku ya kubadili nywila utaihitaji.