Oda Moja, Ankara Mbili: Elfu Sita Zilitoka Wapi?

Wadau, kuna kitu kinatukula pesa sisi wenye biashara ndogo, na huwezi kukiona ukiangalia ankara moja moja. Ni oda kuletwa nusu nusu.

Mwezi uliopita niliagiza fulana 100 kwa muuzaji wa jumla hapa Nairobi. Bei ilikuwa shilingi 500 kila moja, ushuru ukiwa ndani. Tulikubaliana ukifikisha 100 unapata punguzo la asilimia 10, na usafirishaji ni 1,000. Piga hesabu: 50,000 toa 5,000, ongeza 1,000. Oda yote ni 46,000.

Zikaja 60. Zile 40 zilikuwa zimeisha stoo, zikafika wiki mbili baadaye. Kila mzigo ulikuja na ankara yake: ya kwanza 31,000, ya pili 21,000. Ukisoma ya kwanza peke yake iko sawa tu, 60 mara 500 na usafiri juu. Ya pili vilevile. Sasa zijumlishe: 52,000. Elfu sita zimeongezeka na fulana ni zilezile 100!

5,000 ni punguzo lililopotea. Mashine yao ilitafuta fulana 100 ndani ya ankara moja, ikakuta 60, halafu 40, ikaamua sijafikisha. 1,000 iliyobaki ni usafiri uliotozwa mara ya pili, ilhali waliokosa mzigo ni wao.

Nilipouliza, karani akaniambia, "Dada, sistimu ndiyo hutoa hivyo." Nikamtumia oda ya awali pamoja na ankara zote mbili, nikamwambia punguzo ni la oda, si la ankara. Basi ya kwanza ilipaswa kuwa 27,000 na usafiri 1,000, yaani 28,000. Ya pili 18,000 bila usafiri. Jumla 46,000, kama tulivyopatana.

Akasema atanikatia kwenye oda ijayo. Hapo nilikataa, kwa sababu vitabu vyangu vingebaki vikisema nimenunua kwa 52,000. Ankara ikishaingia KRA kupitia eTIMS haifutwi, hurekebishwa kwa noti ya krediti inayotaja namba ya ankara husika. Nilipewa mbili za 3,000, moja kwa kila ankara.

Lakini tuseme ukweli, kama zile 40 hazingekuja kabisa, muuzaji angeweza kudai sikufikisha 100. Kwa hivyo mzigo wa kwanza ukija pungufu, muulize kabla hujalipa: zilizobaki zikikosekana, punguzo langu linabaki? Jibu liwe kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha. Na usifunge oda mpaka ujumlishe ankara zake zote na kuzilinganisha na bei mliyokubaliana mwanzo.