Geuza Pakiti, Mama

Mama alinitumia picha akiwa dukani Homa Bay. Biskuti, na mbele imeandikwa kwa kujigamba: haina sukari iliyoongezwa. "Nichukue?" Ana kisukari, na presha pia. Mimi niko Migori. Nikamwambia, Mama, geuza pakiti, upige nyuma.

Picha ya kwanza ilikuwa na ukungu. Nukta haionekani, na 2.4 si 24. Akapiga tena, karibu zaidi.

Sukari gramu 2.4 katika kila gramu 100. Poa. Lakini wanga, gramu 70! Unga nao huishia kuwa sukari kwa damu. Pakiti ni gramu 200, na namjua Mama na chai: akiimaliza, amekula wanga gramu 140. Biskuti nne, gramu 30 hivi, zina 21. Sodiamu miligramu 400; zidisha kwa 2.5, ni gramu 1 ya chumvi kwa kila 100.

Nilikuwa nishaanza kuandika "chukua, lakini ule nne tu," ndio nikaona mstari wa chini kabisa: huenda ina chembe za njugu. Njugu humvimbisha midomo.

"Rudisha, Mama."

"Sasa chai nitakunywa na nini?"