Yah: Ombi la Kupitiwa Upya Swali la Flipflopu

Mbwara, Rufiji

Mwalimu,

Katika barua yangu ya kwanza nilidai kwamba jibu langu halina kasoro. Si kweli, na ndiyo maana nakuandikia tena kabla hujaifanyia kazi.

Swali lilitaka tutengeneze flipflopu ya JK kwa kutumia ya SR. Njia uliyotufundisha ni kujaza jedwali la safu nane, kisha kupata S na R kwa ramani ya Karnaugh. Mimi sikuifuata. Nilikuwa nimekariri mlinganyo wa JK, nikaanza nao moja kwa moja, na mchoro wangu ukatoka hapo:

```
S = JQ' + K'Q
R = S'
```

Hoja yangu ilikuwa hii: upande wa kulia wa mstari wa kwanza ndio hali ijayo ya Q. Ikitakiwa 1, S inakuwa 1 na R 0; ikitakiwa 0, zinageuka. Kwa kuwa R ni kinyume cha S, zote mbili haziwezi kuwa 1 kwa pamoja, hali ambayo SR haiikubali. Nimeijaribu tena hapa nyumbani kwa penseli, safu zote nane, na kila safu inatoa hali ijayo ya JK.

Sasa kosa. Jedwali nililijaza mwisho, muda ukiwa umekwisha, ili tu lionekane lipo. Penye J=1, K=1 na Q=1 nikaandika S=1, R=0. Hapo Q inatakiwa igeuke iwe 0, kwa hiyo ilipaswa S=0, R=1. Nilinakili safu ya Q=0 bila kufikiri. Aliyesahihisha aliona jedwali haliendani na mchoro, akakata vyote, na simlaumu: jedwali lile halikuzaa mchoro ule.

Tena sikuweka X hata moja. Q inapobaki 0, R yaweza kuwa chochote. Inapobaki 1, S ndiyo huru. Ukizitumia X hizo unapata:

```
S = JQ'
R = KQ
```

Hizo ni geti mbili za AND, basi. Mchoro wangu unakula geti tano: mbili za AND, moja ya OR na mbili za NOT. Unafanya kazi, lakini swali lilisema turahisishe, na mimi sikurahisisha.

Kwa hiyo siombi alama za jedwali wala za kurahisisha. Naomba uutazame mchoro peke yake, ukiweka J=1, K=1 na Q=1 kwenye waya zenyewe badala ya kwenye jedwali langu. Ukiona Q inageuka kuwa 0 kwenye pigo la saa linalofuata, naomba alama za mchoro tu.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wako