Wanafunzi 11 wa Katikati

Jumatatu, 15 Julai 2024

Wakati wa chai mwalimu wa taaluma ameniwekea karatasi mbili mezani: orodha ya wanaosoma Fizikia na orodha ya wanaosoma Biashara, Kidato cha Tatu mkondo A. Anapanga ratiba ya mtihani wa robo muhula, vyumba havitoshi, na anauliza kama masomo hayo mawili yanaweza kufanywa kwa wakati mmoja. Fizikia wako 31. Biashara wako 27. Mkondo mzima una wanafunzi 54.

Ukijumlisha orodha hizo unapata 58, yaani wanne zaidi ya darasa lenyewe. Orodha zote mbili ni sahihi. Hiyo 58 ni idadi ya majina yaliyoandikwa, siyo idadi ya watoto, kwa sababu anayesoma masomo yote mawili jina lake liko kwenye karatasi zote mbili. Nimeamua kutumia karatasi hizi hizi kufundishia kanuni ya kujumlisha, badala ya mifano ya kitabuni.

Kabla hata ya kulinganisha majina, namba hizo tatu zimeshatuambia jambo. Wanaosoma yote mawili hawawezi kuwa chini ya 4, kwa kuwa majina 58 hayaenei kwa watoto 54 bila angalau wanne kurudiwa. Wala hawawezi kuzidi 27, kwa kuwa kundi la Biashara lenyewe linaishia hapo. Kwa hiyo jibu la mwalimu wa taaluma tayari lipo: mitihani hiyo miwili haiwezi kuwekwa muda mmoja, maana kuna watoto wasiopungua wanne ambao wangetakiwa wakae vyumba viwili kwa wakati mmoja. Nimemwambia hivyo kabla kengele haijagonga. Akataka kujua ni wangapi hasa, ili awapangie.

Jumanne, 16 Julai

Kiranja wa darasa amekaa na orodha hizo baada ya vipindi, akawa anapigia mstari kila jina lililotokea pande zote mbili. Amenirudishia 9. Nikamwomba afanye na kazi nyingine: achukue daftari la mahudhurio, afute kila jina linaloonekana kwenye orodha yoyote, kisha anihesabie waliobaki. Wamebaki 7, hawasomi Fizikia wala Biashara.

Nikamwambia, "Sasa tuone kama hesabu zako mbili zinapatana." Kama wa pamoja ni 9, basi wanaosoma angalau somo moja ni 31 + 27 − 9, sawa na 49. Ongeza wale 7 walio nje, unapata 56. Darasa lina 54. Wawili wamezidi.

Akaniangalia, akaziangalia karatasi, akasema, "Mwalimu, kuna wawili nimewaruka." Ndivyo ilivyokuwa. Binti mmoja kwenye orodha ya Biashara ameandikwa jina la baba likitangulia, na kijana mwingine ameandikwa jina la ukoo upande mmoja na jina la babu upande wa pili. Tuliporudia kwa namba za usajili badala ya majina, wa pamoja wakawa 11. 31 + 27 − 11 ni 47, na 47 + 7 ni 54.

Hili nataka walione wote. Sehemu ya pamoja ndiyo namba ngumu kuipata katika hesabu hii, na ndiyo inayoharibika kwanza, kwa kuwa inategemea kumtambua mtu yule yule katika orodha mbili zilizoandikwa na mikono miwili. Wale walio nje ya orodha zote ndio wanaoikagua. Bila wao, 9 ingepita bila mtu kushtuka.

Alhamisi, 18 Julai

Vipindi viwili mfululizo na mkondo A. Nimechora mstatili ubaoni, ndani yake miduara miwili inayopandana, wa kushoto F na wa kulia B. Mstatili ni darasa zima. Nikaandika pembeni: F 31, B 27, wote wawili 11. Nikawaachia chaki.

Wa kwanza akaja akaandika 31 upande wa kushoto, 11 katikati, 27 upande wa kulia. Nilikuwa nasubiri hilo, nikamwachia mwenzake ajumlishe. 31 na 11 na 27 ni 69, tena bado hatujawaweka wale 7. Darasa likaguna.

Shida iko hapa. Tukisema "wanaosoma Fizikia ni 31" tunasema juu ya duara zima, pamoja na kipande kilichopandana na jirani. Lakini ubaoni nafasi ya kuandika iliyo wazi ni ile ya pembeni, ambayo ni ya wanaosoma Fizikia peke yake, bila Biashara. Kwa hiyo mchoro unajazwa kutoka katikati kwenda nje. Andika 11 kwanza. Kisha jiulize duara la Fizikia limebakiwa na wangapi: 31 toa 11, wako 20. La Biashara: 27 toa 11, wako 16. Nje ya miduara, 7. Sasa kila mtoto amekaa kwenye kipande kimoja tu cha mchoro, na 20 + 11 + 16 + 7 inarudisha 54.

Baada ya hapo ndipo nikaandika kanuni:

n(F ∪ B) = n(F) + n(B) − n(F ∩ B)

Binti wa dawati la mbele akauliza kwa nini tunatoa mara moja wakati watoto wale wamehesabiwa mara mbili. Swali zuri sana, na nilishukuru kwamba limetoka kwake. Nikamwita asimame pamoja na kumi wenzake wanaosoma yote mawili. Tukahesabu Fizikia wote: wale kumi na mmoja wakahesabiwa. Tukahesabu Biashara wote: wakahesabiwa tena. "Tukiwatoa mara mbili," nikamuuliza, "wewe utakuwa umehesabiwa mara ngapi?" Akajibu mwenyewe, "Sitakuwepo kabisa." Tunatoa mara moja ili abaki mara moja.

Jumapili, 21 Julai

Nimesahihisha madaftari ya mkondo B. Niliwapa namba za kwao wenyewe: wanafunzi 50, Fizikia 18, Biashara 21, yote mawili 6. Swali: wangapi hawasomi hata moja?

Wengi wamepata 17. Lakini karibu robo ya madaftari yana 11, na hayo yamenishughulisha zaidi ya yote. Wamejumlisha 18 na 21 wakapata 39, wakatoa kwenye 50. Kwa mkondo A njia hiyo ingewafikisha kwenye 58 na namba yenyewe ingewakataza. Hapa 39 iko chini ya 50, inaonekana ya heshima kabisa, hakuna kinachopiga kelele. Kosa ni lile lile, ila safari hii halijitangazi.

Kinachoweza kulifichua ni vipande vya mchoro. Kama nje wako 11, basi 12 wa Fizikia peke yake, 6 wa katikati, 15 wa Biashara peke yake na hao 11 wanafanya 44. Watoto sita wamepotea, na sita ndiyo idadi ya katikati. Upungufu ukilingana na sehemu ya pamoja, unajua mara moja kilichotokea. Nimeandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu kwenye kila daftari lenye 11, badala ya kuweka mkasi tu.

Jumatano, 24 Julai

Leo tumeingia kwenye uwezekano. Majina 54 ya mkondo A kwenye vikaratasi ndani ya kopo, tunachomoa kimoja. Uwezekano wa kumpata anayesoma Fizikia au Biashara ni 31/54 + 27/54 − 11/54, yaani 47/54. Kanuni ni ile ile, imegawanywa kwa 54 tu. Aliyesahau kutoa anapata 58/54, na uwezekano hauzidi 1 hata siku moja.

Kijana mmoja, hodari kweli, hakutumia 11. Alisema wa pamoja wanapatikana kwa kuzidisha, 31/54 mara 27/54, kama tulivyofanya kwa sarafu mbili. Nikamwomba aimalizie. 27/54 ni nusu, kwa hiyo jibu ni 31/108. Kwa darasa la watoto 54 hiyo ni sawa na watoto 15 na nusu.

Hiyo nusu ilitosha kuonyesha kwamba kuna kitu hakikai sawa, lakini sikutaka aishie hapo, maana siku nyingine kuzidisha kutampa namba kamili na bado haitakuwa ya kweli. Kuzidisha kunafaa pale ambapo tukio moja haliathiri jingine. Tukaangalia: kati ya 31 wa Fizikia, 11 wamechukua Biashara, kama theluthi moja. Kati ya 23 wasiosoma Fizikia, 16 wamechukua Biashara, zaidi ya theluthi mbili. Kuchagua Fizikia kunamvuta mtoto mbali na Biashara, na kila mtu darasani anajua hivyo. Kwa hiyo sehemu ya pamoja haikisiwi. Inahesabiwa, au inapatikana kutokana na walio nje.

Ijumaa, 26 Julai

Mkondo C una jambo la pekee: ratiba yao imeweka Fizikia na Biashara vipindi vile vile, hivyo hakuna mtoto anayeweza kusoma yote mawili. Wanafunzi wakachora miduara miwili iliyotengana. Nimewaambia waipandanishe na kuandika 0 katikati.

Walitaka sababu, nikawasimulia habari ya John Venn. Leonhard Euler alikuwa ametumia miduara kabla yake, katika barua zake kwa binti mmoja wa kifalme wa Kijerumani zilizochapishwa kuanzia 1768, na Euler alichora uhusiano kama ulivyo: vitu visivyokutana, miduara haigusani. Venn, katika makala yake ya 1880, alifanya kinyume. Kwanza unachora kila kipande kinachowezekana, kisha ndipo unaonyesha kipi ni kitupu. Kwetu faida yake ni kwamba mchoro hauamui jambo kabla ya kuhesabu. Orodha ya mkondo C ikibadilika muhula ujao, tutafuta 0 na kuandika namba mpya. Na kanuni haibadiliki, inatoa 0, ndiyo maana kwa matukio yasiyoweza kutokea pamoja inatosha kujumlisha.

Ratiba ya mtihani imebandikwa ubao wa matangazo. Mkondo C watafanya Fizikia na Biashara asubuhi moja, vyumba viwili. Mkondo A na B, Fizikia asubuhi na Biashara mchana, na wale 11 na 6 wameachiwa saa mbili za kupumzika katikati. Mwalimu wa taaluma ameshauliza habari ya Kilimo, somo la tatu. Jumatatu nitachora duara jingine juu ya haya mawili: tutatoa jozi tatu za sehemu za pamoja, kisha tutamrudisha anayesoma yote matatu, kwa sababu atakuwa amejumlishwa mara tatu na kutolewa mara tatu.