Kufuta umati pembeni mwa picha: tulikosea wapi

Leo tunaandika kuhusu picha ya dada yetu fundi cherehani, ile ya tangazo la darasa la ushonaji.

Picha ilikuwa nzuri. Dada yuko kushoto anashona, kitambaa kimenyooka hadi katikati. Shida ilikuwa upande wa kulia: foleni ya maji, watu kama kumi na tano, sura zote zinaonekana. Mama mmoja wa kwenye foleni alituona tukipiga, akaja kutuambia: "Wanangu, mimi sura yangu isiende huko kwenye simu. Niliowakimbia nao wana simu." Tukamwahidi.

Kwanza tulifikiria kukata picha tu. Lakini kukata ni kwa mstari ulionyooka. Ukiutoa umati wote, kiwiko cha dada na nusu ya kitambaa navyo vinaondoka. Kwa hiyo tulitumia GIMP, programu ya bure, na chombo chake kinachoitwa Free Select, ambacho wengi wanakiita laso. Unabonyeza herufi F, unashikilia kitufe cha kushoto cha maus, halafu unachora mstari kuzunguka unachotaka kufuta, unarudi ulipoanzia ili mstari ufunge, kisha Enter.

Mkono usitetemeke kote. Kwa nje, upande wa ukingo wa picha, unaweza kupita hovyo, hata ukatoka nje ya picha hakuna neno. Pa kwenda polepole ni pale umati unapogusana na dada. Hapo tulivuta picha hadi 200%. Na kama huna mkono mtulivu, usiburute: bonyeza nukta moja moja, chombo kinaziunganisha kwa mistari mifupi. Nukta ikienda vibaya, Backspace inaifuta.

Halafu tukabonyeza Delete. Umati ukaondoka, pakabaki vile viboksi vya kijivu vinavyoonyesha kwamba hapo ni wazi, kwa sababu tulikuwa tumeshaongeza alfa kwa Layer > Transparency > Add Alpha Channel. Tukafurahi, tukahifadhi kama PNG, tukawa tayari kutuma.

Mwenzetu mmoja akasema ngoja. Akachukua kifutio cha GIMP, akaweka alama kwenye Anti erase, akapitisha pale palipo wazi. Sura ya yule mama ikarudi mbele ya macho yetu. Tulinyamaza wote.

Sababu ni hii. Palipo na alfa, Delete haiondoi rangi, inazifanya zisionekane tu. Rangi zenyewe bado ziko chini yake. Na wakati wa kuhifadhi PNG kuna kisanduku cha "Save color values from transparent pixels". Kikiwa na alama, rangi hizo zinasafiri ndani ya faili hadi kwa atakayeipokea.

Basi tukaanza upya na picha ya mwanzo. Picha ya simu, yaani JPEG, ikifunguliwa haina alfa. Tukabonyeza D ili rangi ya nyuma iwe nyeupe, tukazungushia umati, Delete. Safari hii pakajaa weupe, na weupe huo umechukua nafasi ya rangi za zamani. Kifutio hakirudishi kitu. Sisi zamani tuliona weupe huo ni kosa, kumbe ndio tulioutaka, na ndipo tulipoandika siku na saa za darasa.

Bado kulikuwa na mambo mawili. Feather edges tulikuwa tumeiweka 10 ili ukingo uwe laini, matokeo yake kandokando pakabaki kivuli cha mashavu ya watu. Tukarudi nyuma kwa Ctrl+Z, tukaipunguza hadi 1, tukazungushia umati upya, tukafuta tena. La pili hatukuliona hadi tulipovuta karibu: kati ya mkono wa dada na kiuno chake kuna tundu, na ndani ya tundu hilo kulikuwa na jicho na kitambaa cha kichwa cha mtu. Tukazungushia tundu hilo peke yake, Delete. Kwa hiyo ukimaliza, kagua mapengo yote: chini ya kwapa, chini ya meza, kati ya miguu.

Mwisho tukaihifadhi kwa File > Export As kama JPEG, ambayo haibebi sehemu zilizo wazi. Ile PNG ya kwanza tuliifuta kwenye kompyuta, na picha ya mwanzo kwenye simu iliyopiga, maana laso haigusi nakala iliyobaki mfukoni.

Kabla ya kuituma tulimpelekea mama. Aliangalia sana lile tundu la kwapani, akaturudishia simu. "Haya, tumeni."