Kadi ya Watu Kumi na Saba

Zamani tulipokuwa tukifundisha Runyenjes, katika shule iliyo kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, mwenzetu mmoja, mwanamke wa Kiislamu, alifiwa na mumewe. Waislamu pale tulikuwa wachache. Wenzetu Wakristo walinunua kadi kwa mapenzi safi, ikazungushwa, na watu 16 walipokwisha kuandika tukaletewa sisi tuwe wa 17.

Tulipoisoma, kalamu ilitushinda. Watu 11 walikuwa wameandika "pole sana", kwa kuwa kila aliyeipokea alitazama maneno ya aliyemtangulia akayafuata. Wengine walisema naye, wengine walimsema kana kwamba hayupo. Na mmoja, bila ubaya wowote, aliandika: "Tunakungoja wiki ijayo." Naye mfiwa ndiyo kwanza ameingia eda ya miezi 4 na siku 10.

Tukanunua kadi nyingine, na hiyo haikuzungushwa. Tulichukua karatasi tukamwendea kila mtu peke yake, asiyaone ya wenziwe, tukamwuliza swali moja: unamkumbuka kwa lipi? Wawili walipotaja jambo lile lile, majina yao tuliyaweka chini ya sentensi moja. Karani mgeni, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kazini, alitia jina lake basi, na hilo si aibu.

Pole iliandikwa mara moja, juu kabisa, kwa niaba ya wote: "Sisi wenzako tunakupa mkono wa pole." Hapo tukamtaja marehemu kwa jina lake, kwani katika kadi ya kwanza hakutajwa hata mara moja. Chini yake kila mmoja aliandika kumbukumbu yake kwa mkono wake mwenyewe, akimwambia "wewe". Mwisho ikawekwa dua moja, Mwenyezi Mungu akupe subira, ambayo Mwislamu na Mkristo waliweza kuitia saini kwa moyo mmoja. Dua ya rehema kwa marehemu tuliiomba sisi Waislamu tulipokwenda kuhani. Hatukuona vema kumtilia mwenzetu kinywani maneno ya dini isiyo yake.

Palipotushinda ni kwa mpishi. Alisema: "Kikombe chako cha chai kavu nimekiweka juu ya kabati, hakuna anayekigusa." Sisi, kwa mazoea ya kusahihisha madaftari, tulitaka kuyapamba maneno hayo yalingane na mengine. Nusura tuyaharibu. Bawabu, aliyekuwa akingojea zamu yake ya kuandika, ndiye aliyetukataza.

Eda ilipokwisha mwenzetu alirudi kazini. Hakupitia ofisini, alikwenda moja kwa moja jikoni, na tulimsikia akiuliza kabati ni lipi.